Mistari 6 inayoonekana, mistari 406 isiyoonekana

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishachanganya, ofisi ya chama cha msingi huku Mtwara haikosi orodha mezani. Kuna orodha ya waliopeleka mzigo ghalani na kuna ya waliolipwa. Halafu kuna ile inayoleta watu mlangoni kabla jua halijapanda: orodha ya wakulima ambao malipo yao yametoka yakarudi, kwa sababu namba ya akaunti ilikosewa tarakimu moja, au jina la benki halikufanana na la chama, au akaunti imelala muda mrefu hadi benki ikaifunga. Karani anatakiwa kuiandikia benki baruapepe leo hii, na wenye pesa wamekaa kwenye benchi nje wanamsubiri.

Haraka ya namna hiyo ndiyo huwa inavujisha taarifa za watu. Wezi wa mitandao wanatajwa sana, lakini kwa ofisi ndogo mlango mkubwa ni baruapepe halali, iliyoandikwa na mtu mwaminifu, ikiwa imebeba vitu ambavyo mpokeaji hakuvihitaji. Makala hii inaichukua baruapepe moja ya aina hiyo na kuipitia kipande kwa kipande kabla haijatumwa. Ni ya mfano, ila yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza hiyo ataitambua.

Tuseme wakulima 6 malipo yao yamekataa katika malipo ya watu 412. Karani amefungua faili la Ekseli la mnada mzima, amechuja ibaki mistari 6, amehifadhi, kisha akaandika hivi:

> Kwa: afisa wa tawi la benki
> CC: mhasibu wa chama kikuu, afisa ushirika wa wilaya, mwenyekiti wa chama, wajumbe wawili wa bodi
> Kichwa: MALIPO YALIYOKATAA – (jina kamili la mkulima) NA WENZAKE 5 – (namba ya akaunti)
>
> Habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeambatanisha orodha ya wakulima ambao fedha zao zimerudi pamoja na picha za vitambulisho vyao vya NIDA. Naomba walipwe haraka. Huyu wa tatu ni mgonjwa, amelazwa, pesa apewe mkewe kwa namba ya simu iliyopo kwenye maoni.

Chini yake yapo mazungumzo yote ya wiki mbili zilizopita, maana karani alibonyeza kujibu baruapepe ya zamani ili asihangaike kutafuta anwani. Viambatisho ni vinane: faili la Ekseli, picha sita za vitambulisho, na picha ya ukurasa wa daftari la mapokezi.

Kabla ya kugusa chochote, kila taarifa iliyomo humo iulizwe swali moja: huyu anayepokea ataifanyia nini? Majibu yake hayazidi matatu. Ama ataitumia kama ilivyo, kwa mfano kuiingiza kwenye mfumo wa benki tarakimu kwa tarakimu. Ama ataitumia kutambua tu, ajue unamzungumzia nani kati ya watu anaowaona tayari kwenye skrini yake. Ama hataifanyia chochote. Isiyofanyiwa chochote inaondolewa. Ya kutambua inazibwa, zinabaki tarakimu chache za mwisho. Inayotumiwa kama ilivyo haizibiki, kwa sababu ukiiziba kazi haiendi, kwa hiyo hiyo ndiyo inayotafutiwa njia nyingine ya kusafiri. Wengi wanakosea hapa wakidhani kuziba ni dawa ya kila kitu. Matokeo yake wanaziba namba ambayo benki inaihitaji, benki inapiga simu kuiuliza, na namba inatajwa kwa sauti mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi.

Namba za akaunti ndizo za kuanza nazo. Katika faili kila mkulima ana namba mbili, ile iliyokosewa na ile sahihi. Iliyokosewa benki inayo tayari, kwa sababu ndiyo iliyorudisha malipo. Inahitajika kutambua tu, kwa hiyo tarakimu nne za mwisho zinatosha, hasa zikienda pamoja na namba ya kumbukumbu ya malipo yenyewe. Namba sahihi ndiyo itakayoandikwa upya kwenye mfumo, kwa hiyo lazima iende nzima. Hiyo iweke pembeni kwanza, tutairudia.

Namba ya NIDA ina mtego wake. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mtu akiziba za mwisho akaacha za mwanzo, kama hivi `19780412-*****-*****-**`, anadhani ameficha kitambulisho, kumbe ametangaza siku ya kuzaliwa. Na siku ya kuzaliwa ndiyo ambayo wahudumu wengi wa simu na benki huuliza wanapotaka kuhakikisha wanaongea na mwenye namba. Kwa hiyo NIDA ikibidi kuzibwa, ziba mwanzo na katikati, zibaki nne za mwisho. Lakini kwa malipo yaliyorudi haibidi hata hivyo. Mkulima alipofungua akaunti, benki ilichukua kitambulisho chake na inacho. Safu ya NIDA inaondoka yote, na zile picha sita zinaondoka nayo. Tawi likiwa na shaka na mtu fulani litamwita aje na kadi yake mkononi, na hiyo ni salama kuliko picha ya kadi kukaa kwenye masanduku ya barua ya watu sita.

Kiasi cha pesa kina ujanja wake pia. Karani makini anaweza kusema, pesa ni siri ya mtu, ngoja niifute safu ya shilingi. Akaifuta, akaacha safu ya kilo. Bei ya mnada haina siri, inatangazwa siku hiyo hiyo na kila kijiji kinaijua kabla ya magharibi. Mkulima mwenye kilo 640 kwenye mnada wa shilingi 3,000, mtu yeyote atazidisha apate 1,920,000, atoe makato ambayo kila mwanachama anayajua, na ameshajua mfukoni mwa mwenzake kuna nini. Ndiyo maana safu haitazamwi peke yake. Zitazame zilizobaki kwa pamoja ujiulize zikikutanishwa zinasema nini, tena zikutanishe na vile ambavyo mtaani tayari vinajulikana. Kwa kazi yetu benki inahitaji kiasi, ili kilinganishwe na kilichorudi. Kilo haizihitaji. Kilo zinaondoka, kiasi kinakwenda kwa benki peke yake.

Hilo la benki peke yake linatupeleka kwenye CC. Watu watano waliowekwa pale hawana kazi moja. Mhasibu wa chama kikuu anataka kujua malipo mangapi yamerudi na jumla yake, ili vitabu vyake vikae sawa. Afisa ushirika anataka kujua tatizo lipo na linashughulikiwa. Mwenyekiti na wajumbe wa bodi wanataka kuwa na la kuwajibu wanaowauliza njiani. Hakuna hata mmoja wao anayehitaji namba ya akaunti ya mtu. Kwa hiyo hii si baruapepe moja, ni mbili. Ya benki inakwenda kwa afisa mmoja, ina jedwali. Ya wengine haina kiambatisho, ina sentensi tatu: malipo 6 ya mnada fulani yamerudi, jumla yake ni kiasi hiki, tumeshaiandikia benki tarehe fulani. Utapoteza dakika tano kuandika ya pili, na umepunguza masanduku matano ambamo orodha ingelala miaka.

Maneno ya mgonjwa yanafutwa, na hapa sina mjadala. Habari ya afya ya mtu haihusiani na namba ya akaunti. Zaidi ya hapo, ombi lenyewe la pesa apewe mkewe kwa namba ya simu ni ombi ambalo benki haipaswi kulitekeleza kwa baruapepe, kwa sababu ndivyo hasa tapeli angeandika. Familia iende tawini iulize utaratibu wa mwenye akaunti asiyeweza kufika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka afya ya mtu na miamala yake ya kifedha kwenye fungu la taarifa nyeti. Baruapepe yetu ilikuwa imebeba vyote viwili.

Kichwa cha habari nacho kinapitiwa. Watu hukisahau kwa sababu wanakiona kama bango, si sehemu ya barua. Lakini kichwa ndicho kinachojitokeza kwenye kioo cha simu iliyofungwa, mezani, mbele ya aliyekaa karibu. Tena njia nyingi za kufunga ujumbe kwa siri hufunga mwili na viambatisho, kichwa kinabaki wazi. Andika `Malipo 6 yaliyorudi, mnada wa 3` na inatosha. Jina la faili lipate matibabu hayo hayo. Faili linaloitwa kwa jina la mkulima na neno DENI limeshasema kila kitu kabla halijafunguliwa.

Sasa tuingie kwenye faili lenyewe, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote nilizotaja.

Karani alichuja. Kuchuja kwenye Ekseli hakufuti kitu, kunaficha tu. Faili linalotaka kwenda lina watu 412, na mpokeaji akibonyeza kichujio mara moja wote wanatokea na akaunti zao. Dalili unaiona kwa macho: tazama namba za mistari pembeni kushoto. Zikiwa zinaruka, mfano 17, 58, 203, na rangi yake imegeuka buluu, jua mistari mingine ipo, imejificha. Safu nazo zikiruka kutoka C kwenda F, basi D na E zipo. Dalili nyingine ni uzito. Faili jipya lenye mistari sita huwa na kilobaiti kama 10 hivi. Lako likisoma 90, kuna kitu ndani hukioni.

Dawa yake si kufuta mistari 406 ndani ya faili lile lile, maana linaweza kuwa na kurasa nyingine chini, maoni yaliyobandikwa kwenye visanduku, au jedwali la muhtasari ambalo hubeba nakala ya data yake lenyewe hata ukurasa wa chanzo ukifutwa. Dawa ni faili jipya tupu. Chagua mistari sita iliyochujwa, nakili, nenda kwenye faili jipya, bandika kwa `Paste Special` kisha `Values`. Angalizo: mistari iliyofichwa kwa kichujio hainakiliwi, lakini iliyofichwa kwa mkono, kwa `Hide`, inanakiliwa pamoja na inayoonekana. Ili kuwa na uhakika, kabla ya kunakili bonyeza `Alt` na `;` ili ishikwe ile inayoonekana peke yake.

Kubandika thamani badala ya kanuni kuna sababu. Tuseme kwenye faili la zamani namba ya akaunti iko safu ya C na unataka kuiziba. Kanuni ni hii:

```
="******"&RIGHT(C2,4)
```

Inatoa nyota na tarakimu nne za mwisho. Lakini kanuni inaitazama C2, kwa hiyo ukifuta C inavunjika, na ukiiacha C umemficha nani? Na ukibandika kanuni ile kwenye faili jipya ikawa inaitazama faili la zamani, Ekseli inaweza kuhifadhi ndani ya faili jipya nakala ya thamani ilizozisoma kule. Thamani tupu haina chanzo cha kurudia.

Kuna kuziba kwa aina tatu ambako si kuziba kabisa, na kote kunaonekana maofisini. Kwanza, kupaka maandishi rangi nyeupe, au kujaza kisanduku rangi nyeusi juu ya maandishi meusi. Mpokeaji akibonyeza kisanduku, namba inajisomea kwenye mstari wa juu. Pili, kubadili muundo wa namba ili ionyeshe nyota, wakati kisanduku bado kimeshika namba nzima. Tatu, kugeuza faili kuwa PDF na kuchora mstatili mweusi juu ya namba. Mstatili ni karatasi iliyowekwa juu ya maandishi, haujayagusa. Mpokeaji akichagua eneo lile kwa kipanya, akanakili na kubandika kwenye ukurasa mweupe, namba inatoka nzima. Jaribio ni hilo hilo: nakili, bandika, tazama. Kwenye picha za simu nako kuna kalamu ya kupaka ambayo inapitisha mwanga kidogo, na mtu akiongeza mng'ao anasoma kilicho chini. Tumia umbo lililojaa, piga picha ya skrini ya matokeo, na utume hiyo picha ya skrini, si ya awali.

Wakati uko kwenye Ekseli, kagua kitu kingine ambacho si siri bali kinaweza kuwa ndicho kilichorudisha malipo. Ekseli hushika tarakimu 15 tu za namba. Ukiandika NIDA ya tarakimu 20 kwenye kisanduku cha kawaida, itaonekana kitu kama `1.97804E+19`, na tarakimu za mwisho zimegeuka sifuri, hazirudi. Namba ya akaunti inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake kimya kimya. Kabla ya kuandika chochote, geuza safu iwe `Text`. Malipo mengi yanayoitwa "makosa ya mkulima" naamini yalianzia hapo.

Faili jipya likishapatikana, lipekuliwe. Kupekua kwa macho hakutoshi, na hata kutafuta kwa `Ctrl+F` hakukupi uhakika, maana kwa kawaida hutazama ukurasa ulio wazi tu na kunaweza kuiruka mistari iliyofichwa bila kukuambia. Kuna njia ya uhakika zaidi na haihitaji fundi. Faili la `.xlsx` kwa kweli ni furushi. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina lake uwe `.zip`, lifungue, ingia folda ya `xl`, fungua `sharedStrings.xml`. Humo yamo maneno yaliyoandikwa kwenye visanduku vya faili zima, ya kila ukurasa, yaliyofichwa na yasiyofichwa. Tafuta jina la mtu ambaye hapaswi kuwemo. Mwenyekiti wa chama anafaa sana kwa jaribio hili, maana yeye naye ni mkulima na yumo kwenye wale 406. Jina lake likitokea, rudi mwanzo. Folda ya `pivotCache` au `externalLinks` nazo zikionekana mle, kuna data ya ziada imebaki. Fanya hivi kabla ya kuweka neno la siri, kwa sababu faili lililofungwa halifunguki kama furushi.

Sasa turudi kwenye zile namba sahihi sita tulizoziweka pembeni. Haziwezi kuzibwa, na kuziandika ndani ya baruapepe ni kuziacha zikae humo daima. Njia ziko tatu na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kuzipeleka kwa mkono. Kama tawi liko mjini Newala au Masasi na kuna mtu wa ofisi anayekwenda leo, barua yenye saini na mhuri ndani ya bahasha iliyofungwa, ikapokelewa kwa saini kwenye dispachi, bado ni njia bora kwa orodha fupi. Ina ushahidi wa nani kapokea na saa ngapi, na haiachi nakala kwenye kompyuta ya mtu. Tena benki mara nyingi itadai barua yenye mhuri hata hivyo kabla ya kubadili akaunti ya kulipia. Bei yake ni nauli na siku moja.

Ya pili ni faili lililofungwa kwa neno la siri. Kwenye Ekseli nenda `File`, `Info`, `Protect Workbook`, `Encrypt with Password`. Usichanganye na `Protect Sheet`, ambayo inazuia mtu kubadilisha lakini inamwachia asome yote. Neno la siri lisisafiri kwenye baruapepe hiyo hiyo, wala kwenye baruapepe ya pili dakika tano baadaye, kwa sababu anayeingia kwenye sanduku anaziona zote mbili. Lipigiwe simu, kwa namba ya tawi unayoijua tangu zamani, si namba iliyoandikwa chini ya baruapepe uliyopokea juzi. Na lisiwe `Korosho2025`, ambalo mtu wa kwanza kujaribu kulikisia atalipata kabla chai haijapoa. Maneno manne yasiyohusiana ni magumu kuyakisia na rahisi kuyataja kwenye simu: `kibatarimwikungalawasabini`. Mazungumzo yenyewe hayazidi nusu dakika:

"Shikamoo mama, ni karani wa chama. Nimetuma faili la mnada wa tatu."
"Marahaba. Nimeliona, linataka neno la siri."
"Andika yote kwa herufi ndogo, bila nafasi: kibatari, mwiku, ngalawa, sabini."
"Limefunguka. Naona watu sita."
"Ndiyo hao hao, mama."

Lile "naona watu sita" lina thamani yake. Mwambie mpokeaji asome idadi, asisome majina.

Ya tatu ni WhatsApp, ambayo watu huikimbilia kwa kuwa ujumbe wake unasafiri umefungwa. Ni kweli unasafiri umefungwa, lakini ukifika unafunguka na kukaa: picha inaingia kwenye galari ya simu ambayo watoto wanachezea, nakala ya akiba inaweza kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kidole kikiteleza orodha inaingia kwenye kundi la wanachama badala ya kwa afisa. Kwa neno la siri la faili, inafaa. Kwa faili lenyewe likiwa wazi, mimi nisingeitumia.

Kabla ya kubonyeza kutuma, kuna vitu viwili vya mwisho. Ule mkia wa mazungumzo ya wiki mbili unafutwa wote, na njia nyepesi ni kuanza baruapepe mpya badala ya kujibu ya zamani. Ukisambaza barua ya zamani, viambatisho vyake huondoka nayo. Ukijibu, kwa kawaida viambatisho vinabaki lakini maneno yanakwenda, na huko chini pengine kuna namba za watu wa mnada wa kwanza. Kisha anwani. Ukianza kuandika jina, programu inakumalizia, na inaweza kukuletea mtu mwingine mwenye jina kama hilo, wa ofisi nyingine kabisa. Isome anwani hadi mwisho, baada ya alama ya @. Jaza anwani mwishoni, baada ya kupitia kila kitu. Baruapepe isiyo na anwani haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya.

Ikibaki hivyo, ya benki inasomeka hivi:

> Kichwa: Malipo 6 yaliyorudi, mnada wa 3
>
> Habari za kazi. Malipo 6 kati ya 412 ya mnada wa tatu yamerudi. Nimeambatanisha jedwali lenye namba ya kumbukumbu ya malipo, tarakimu nne za mwisho za akaunti iliyokosewa, jina kama lilivyo benki, akaunti sahihi na kiasi. Faili limefungwa, neno la siri nitalitaja kwa simu ya tawi leo saa tano. Ukimaliza marekebisho naomba unijibu kwa namba za kumbukumbu tu, usirudishe jedwali.

Ile sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo, jibu linaweza kurudi na jedwali zima likiwa wazi, na kazi yote ya asubuhi imepotea.

Na ikitokea imeshakwenda vibaya? Gmail inakupa nafasi ya kuirudisha, kwa kawaida sekunde 5, na kwenye mipangilio unaweza kuiongeza hadi 30. Iongeze leo. Kuirudisha barua kwa Outlook hufanya kazi mkiwa ndani ya mfumo wa taasisi moja tu, kwa aliye nje haisaidii. Baada ya hapo mpigie simu mpokeaji afute, kwenye sanduku na kwenye kapu la takataka, na usimwandikie kwa kujibu barua ile ile, maana unaituma tena. Kama orodha imekwenda kwa asiyehusika, viongozi wa chama wajulishwe siku hiyo, kwa kuwa sheria inataka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iarifiwe bila kuchelewa. Wakulima waliomo nao waambiwe, tena kwa maneno ya wazi: mtu akikupigia akakutajia jina lako, kiasi chako na mnada wako, bado asikufanye umtajie namba ya siri ya simu. Tapeli wa kawaida anabahatisha. Aliyeshika orodha habahatishi, na hapo ndipo hata mtu mjanja anaponaswa.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye baruapepe lakini linatoka nalo. Ofisi nyingi hazina printa. Karani anaituma orodha kwenye anwani ya steshenari ya jirani, inachapwa kwa mia mbili kwa ukurasa, anaondoka nayo. Faili limebaki kwenye `Downloads` ya kompyuta ambayo kesho itashikwa na wanafunzi, na limebaki kwenye sanduku la barua la duka. Nenda na faili kwenye flashi, lichapwe kutoka humo humo bila kunakiliwa kwenye kompyuta, uichomoe mwenyewe. Na kabla hujalipa, omba zile karatasi zilizotoka zimepinda au wino umekatika. Usizione zimetupwa kwenye boksi chini ya meza ukadhani zimeishia hapo. Jioni zinafungiwa karanga stendi.